Barua kwa Abiria Mia Mbili na Kumi na Wanne

Katika chumba cha simu cha kampuni yetu kuna ubao mweupe, na ubao ule una mwenyewe. Sisi wadogo tunamwita Bi Swali. Ndiye mkuu wa wapokea simu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na ndiye aliyeweka utaratibu ambao sijausikia kwingine kokote: hakuna ujumbe unaotoka kwenda kwa abiria kabla haujasomwa kwa sauti mbele ya wapokea simu. Mwandishi anasimama na kusoma. Wao wanasikiliza wakijifanya ni abiria. Anayebaki na swali anainua mkono na kuuliza, na Bi Swali anachora mstari mmoja ubaoni. Mistari ikizidi mitatu, ujumbe unarudi kwa mwandishi.

"Kila mstari ni simu mia," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Na simu hizo hupokei wewe, tunapokea sisi."

"Na nikikosea, utaniambia nirekebisheje?"

"Nikuambie mimi? Si wewe ndiye msomi?"

Jina likaninasa. Tangu siku ile kampuni nzima iliniita Msomi: kuanzia meneja mpaka mama anayetuletea chai. Nilikuwa na mwezi wa tatu kazini, shahada yangu ya lugha bado inanukia wino. Nyumbani mjomba alikuwa hachoki kunichokoza. "Miaka mitatu chuoni, mwanangu, uende kuandika *tunasikitika kukujulisha*?" Mama alikuwa akinitetea kwa kumwambia kwamba kusikitika nako kuna namna yake. Mimi nilikuwa nacheka, lakini moyoni niliamini jambo ambalo sikumwambia mtu: kwamba ujumbe wa mistari kumi, ukiandikwa vizuri, unaweza kumwondolea mtu usiku mmoja wa wasiwasi. Nilitaka kulithibitisha hilo. Nafasi ikaja Jumanne, tarehe tatu mwezi wa sita.

Kampuni yetu ni ndogo. Tuna ndege tatu na safari nne, na mojawapo inakwenda mji wa milimani ambao kwa barabara ni siku mbili za kutikiswa mpaka mifupa ijuane. Asubuhi ile meneja alituita na kutuambia kwamba njia ya kurukia ndege katika mji ule inafungwa kwa matengenezo, miezi minne kamili, kuanzia tarehe kumi ya mwezi uleule. Lami yote inang'olewa. Abiria mia mbili na kumi na wanne walikwishakata tiketi za kipindi hicho.

"Taarifa itasomwa redioni leo saa kumi na mbili jioni," alisema meneja. "Sitaki abiria wangu wasikie redioni kabla ya kusikia kwetu. Ujumbe utoke saa kumi. Mwanasheria ameshaandika. Msomi, upige pasi tu."

Akanipa karatasi. Ilisomeka hivi:

*Tunasikitika kukujulisha kuwa safari tajwa imefutwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Badala ya fedha taslimu, abiria atapatiwa vocha yenye thamani stahiki itakayotumika ndani ya kipindi cha miezi kumi na miwili, kwa mujibu wa vigezo na masharti. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.*

Niliisoma mara mbili. Hapakuwa na uongo ndani yake. Hapakuwa na mtu pia.

Nilianza kwa kuuliza, maana huwezi kueleza jambo usilolijua. Mhasibu wetu ni mzee mkavu, mrefu, mwenye mashati ya mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni. Alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake.

"Thamani stahiki ni ipi, mzee?"

"Alicholipa. Nauli, kodi, na ada ya mzigo kama alilipia. Meneja ameongeza asilimia kumi juu yake kwa atakayekubali vocha."

"Asiyetaka vocha?"

"Atarudishiwa pesa zake. Sisi ndio tuliofuta safari, si yeye. Hilo limo kwenye masharti ya tiketi. Zinachukua siku ishirini na moja za kazi."

"Mbona ujumbe unasema 'badala ya fedha taslimu' kana kwamba hana njia nyingine?"

Hapo aliinua macho. "Kwa sababu ndege tatu hazinywi maji, binti. Wote wakitaka pesa wiki moja, tutatembea kwa miguu. Lakini sijasema ufiche. Akiuliza, anaambiwa."

"Nikimwambia kabla hajauliza?"

Alinitazama kidogo. "Mwambie," alisema. "Ila mwambie vizuri."

Sikulisahau neno lile. Saa nne nilisimama katika chumba cha simu na rasimu yangu ya kwanza. Nilieleza sababu ya kufutwa kwa safari. Nikaeleza kwamba abiria ana hiari, vocha au pesa, na kila moja inakuja lini. Nikaeleza asilimia kumi. Kisha nikasema vocha itadumu mwaka mmoja.

Wapokea simu ni wanne. Anayeanza siku zote ni dada mmoja tunayemwita Asali kwa ajili ya sauti yake, ingawa ulimi wake nje ya simu ni pilipili.

"Haya, mimi ni abiria," alisema, mkono juu. "Nililipa laki moja. Vocha yangu ni ya kiti au ya pesa? Nauli ikipanda, nimo au nimeachwa uwanjani na begi langu?"

Mstari.

"Mimi nina tiketi nne, za wanangu," akasema mwingine. "Napata vocha moja au nne?"

Mstari.

"Mimi sitaki kwenda tena huko, nimeshakasirika. Naweza kumpa shemeji yangu vocha hiyo?" akauliza wa tatu.

"Shemeji yako yupi tena?" Asali akamchokoza. "Yule uliyesema humtaki hata picha?"

"Ndiyo maana nampeleka mbali!"

Walicheka, na mstari ukachorwa. Kisha kijana mpole wa kona, ambaye huongea mara moja kwa siku, akainua mkono. "Mwaka mmoja mpaka lini? Niambie tarehe. Na tarehe hiyo ni ya kukata tiketi au ya kupanda ndege?"

Mstari wa nne. Bi Swali alifunika kalamu yake. "Imerudi kwa mwenyewe," alisema.

Sikuona haya. Ukweli ni kwamba nilifurahi, kwa sababu maswali yote yalikuwa ya haki na mimi nilikuwa na saa sita za kuyajibu. Niliamua kuacha maelezo ya juujuu na kutumia mfano. Mtu hashiki "thamani stahiki", lakini anashika "ukilipa laki moja, vocha yako ni laki moja na elfu kumi". Na kwa upande wa mwisho wa vocha nilitaka kuandika siku, mwezi na mwaka, vilevile kama vitakavyoonekana kwenye vocha yenyewe.

Nilikwenda kwa fundi wa kompyuta, nikamwomba atengeneze vocha moja ya majaribio ili niione kwa macho.

"Ya nani?"

"Yeyote. Wa kwanza kwenye orodha."

Orodha ilipangwa kwa tarehe ya kukata tiketi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyelipia tiketi tano kwa mkupuo, na fundi alipomtaja hata mimi mgeni nilimjua. Kampuni nzima inamjua. Ni mkunga mstaafu. Alikata tiketi zile mwaka uliopita, tarehe kumi na saba mwezi wa saba, siku ya kwanza ya ofa yetu ya wanaowahi, na tangu hapo hupiga simu kila mwezi kuhakikisha kwamba viti vitano bado viko pamoja. Yeye na dada zake wanne walikuwa waende kumwona kaka yao, mtoto wa kiume pekee kwao, aliyevunjika nyonga na asiyeweza kushuka kutoka mlima ule. Siku mbili za barabara wao hawaziwezi. Mdogo wao ana miaka sitini na tatu. Hawajakaa sita pamoja tangu mazishi ya mama yao. Asali ndiye aliyenisimulia. Alisema mama yule humalizia kila simu kwa kusema, "Haya, nimewaachia kazi yenu, nami nimebaki na ya kusubiri."

Fundi alibonyeza. Vocha ikatokea kwenye skrini: namba yake, jina, thamani pamoja na asilimia kumi, sahihi kabisa. Chini yake: mwisho wa matumizi, tarehe kumi na saba mwezi wa saba.

"Umekosea mwaka," nilisema.

"Sijaandika mimi. Imejiandika yenyewe."

"Lakini hiyo ni wiki sita kutoka leo."

Fundi alikuna kichwa. Akafungua vocha ya pili, ya tatu, ya arobaini. Kila moja ilikuwa na tarehe tofauti. Ndipo tulipoelewa. Mfumo ulikuwa unahesabu mwaka kutoka siku tiketi ilipokatwa, wala si kutoka siku vocha inapotolewa. Aliyekata tiketi juzi angepata karibu mwaka mzima. Mkunga, aliyewahi kuliko wote, angepata wiki sita, na njia ya kurukia ndege ingefunguliwa baada ya miezi minne. Vocha yake ingekufa kabla ndege moja haijatua.

Na baya zaidi, akishachagua vocha hawezi kurudi kuomba pesa. Angechagua kwa kuamini maneno yangu. *Mwaka mmoja.*

Nilikimbia kwa mhasibu. Alizifungua vocha zile kwenye skrini yake, kisha akasema, "Ndivyo mfumo ulivyotengenezwa. Abiria akiahirisha safari mwenyewe, mwaka unahesabiwa kutoka kwenye tiketi yake. Haujui kwamba safari hii tumeahirisha sisi."

"Haiwezi kubadilishwa?"

"Kwa wote kwa pamoja, mpaka waliotuuzia mfumo waingie. Wiki nzima, wakijibu barua. Kwa moja moja, inawezekana. Unafungua vocha, unabadili tarehe, na mimi naweka ruhusa yangu. Mara mia mbili na kumi na nne." Akaivua miwani. "Twende kwa meneja."

Meneja wetu si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu hadithi za ofisi hupenda bosi mwenye pembe. Alianza kazi kama muuza tiketi kwenye kidirisha, akapanda ngazi kwa jasho. Lakini saa ilikuwa saba na nusu, na redio haisubiri mtu.

"Basi andika ukweli," alisema. "'Vocha itadumu mwaka mmoja tangu tarehe ya kukata tiketi.' Hakuna aliyedanganywa. Wewe una kalamu nzuri, Msomi, utalainisha."

Sikuwa nimewahi kumkatalia mkubwa. Kwetu mtoto hujibu "ndiyo" kwanza, mengine baadaye. Nilisema, "Ndiyo, bosi." Halafu nikabaki nimesimama.

"Kuna nini tena?"

"Naweza kuilainisha, bosi. Lakini maneno yangu hayawezi kumwongezea yule mama siku hata moja. Nikiandika kwa upole sana, nitakuwa nimemsaidia tu asigundue mapema."

Mhasibu alitazama dirishani. Nilidhani nimeshajifukuzisha kazi. Kisha meneja akashusha pumzi. "Kasome kwa Bi Swali," alisema. "Sentensi hiyohiyo. Nakuja kusikiliza."

Saa nane tuliingia chumba cha simu. Meneja aliegemea mlango, mikono kifuani. Nilisoma rasimu ya pili. Mfano wa laki moja ulipita. Kila tiketi vocha yake, kumpa mtu mwingine ruksa, nauli ikipanda unaongeza, ikishuka salio linabaki kwako: yote yalipita bila mkono kuinuka. Nikafika kwenye tarehe. "Vocha itadumu mwaka mmoja tangu tarehe uliyokata tiketi."

Mikono minne ikapanda pamoja. Bi Swali hakuchora.

"Leo swali halijibiwi na Msomi," alisema. "Meneja, karibu. Chukua simu."

Kweli akamwekea kiti na kumvisha vile vipokea sauti vya kichwani. Meneja alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Asali akajigeuza upande wa pili, akabadili sauti kuwa ya mama mzee, tena kwa heshima iliyokuwa inauma.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Karibu."

"Mwanangu, mimi nilikata tiketi mwaka jana. Mlitangaza kwamba anayewahi anapata bei nzuri, nikawahi. Jirani yangu kakata wiki iliyopita. Yeye vocha yake mwaka mzima, mimi wiki sita. Nilikosa wapi?"

"Hukukosa, mama. Ni utaratibu wa mfumo."

"Huyo Mfumo yupo hapo nimsalimie?"

Kijana wa kona aliziba mdomo. Meneja akakohoa. "Mama, unaweza kutumia vocha hiyo kwa safari zetu nyingine ndani ya wiki sita."

"Kaka yangu yuko kwenye hizo safari nyingine?"

"Hapana, mama."

"Sisi tulifundishwa kwamba chelewachelewa utakuta mwana si wako. Kumbe siku hizi aliyechelewa ndiye anayemkuta mwana, na aliyewahi haonyeshwi hata nepi?"

Chumba kililipuka kwa kicheko, hata mhasibu. Meneja pia alicheka, lakini kicheko chake kilikatika katikati. Alivua vile vipokea sauti taratibu, akaviweka mezani. Akakaa pale kwenye kiti cha mpokea simu kama mtu aliyekumbuka kidirisha chake cha zamani.

"Ofa ya wanaowahi niliibuni mimi," alisema. "Wa kwanza kulipa ndio waliotulipia mafuta ya mwezi ule." Akamgeukia mhasibu. "Tiketi mia mbili na kumi na nne, mzee. Ukibadili tarehe moja moja, inachukua muda gani?"

Mhasibu alichomoa kalamu moja mfukoni, akaandika kiganjani. "Dakika mbili kila moja, tukiwa wawili. Leo hatumalizi. Kesho mchana tunamaliza, nikiacha mengine yote."

"Mengine yote yaache."

"Nimeshayavulia nguo," alisema yule mzee mkavu, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. "Sina budi kuyaoga."

Kwa hiyo ikawa hivi: ujumbe utoke leo saa kumi, na vocha zitoke kwa watakaozichagua kuanzia kesho mchana, zote zikiwa na mwisho mmoja, tarehe nne mwezi wa sita mwaka ujao. Tarehe hiyo iwe ya kukata tiketi. Safari yenyewe inaweza kuwa hata miezi mitatu baadaye. Na nikaomba jambo moja zaidi, sijui nilipata wapi ujasiri: matengenezo yakichelewa, tarehe isogezwe mbele kwa siku zilezile zilizochelewa, bila abiria kuomba. Meneja alisema, "Andika, kabla sijabadili mawazo." Mhasibu akasema, "Aandike, na mwezi wa kumi nitamkumbusha ni nani aliyenitia katika haya."

Nilibaki na saa moja na nusu. Nilifuta karibu kila neno la sifa na radhi zilizorudiwa. Niliacha radhi moja tu, kwa sababu moja ya kweli inatosha. Ujumbe uliotoka ulikuwa huu:

*Ndugu abiria, safari yako ya kwenda milimani haitakuwepo. Njia ya kurukia ndege inafungwa kwa matengenezo kuanzia tarehe 10 Juni hadi tarehe 10 Oktoba. Tunajua ulikuwa na sababu ya kwenda, na tunakuomba radhi.*

*Pesa zako ni zako. Chagua moja kati ya haya mawili, ndani ya siku thelathini. Ukitaka fedha taslimu, utarudishiwa zote ulizolipa ndani ya siku 21 za kazi. Ukitaka vocha ya safari, tutakuongezea asilimia kumi: kama ulilipa laki moja, vocha yako ni laki moja na elfu kumi. Ukishachagua vocha, haiwezi kugeuzwa tena kuwa fedha, kwa hiyo usiwe na haraka.*

*Kila tiketi ina vocha yake. Unaweza kuitumia kwa safari yetu yoyote, au kumpa mtu mwingine. Nauli ikiwa kubwa kuliko vocha, utaongeza tofauti. Ikiwa ndogo, salio linabaki kwenye vocha yako.*

*Vocha zote, bila kujali ulikata tiketi lini, zitatumika kukatia tiketi mpaka tarehe 4 Juni mwaka ujao. Safari yenyewe inaweza kuwa hata miezi mitatu baada ya hapo. Uwanja ukichelewa kufunguliwa, tutaisogeza tarehe hiyo mbele kwa siku zilezile, wala hutahitaji kuomba. Siku sitini kabla ya mwisho tutakukumbusha.*

*Jibu PESA au VOCHA, au tupigie. Anayepokea simu ni mtu.*

Niliusoma saa tisa na dakika arobaini. Nilipomaliza niliinua macho. Asali alikuwa ameinua kidole nusu, akakishusha. Kijana wa kona alitikisa kichwa: hana kitu. Mwenye shemeji akasema, "Mimi ningependa kuuliza, lakini kila nikifungua mdomo nakuta imeshajibiwa. Inaudhi." Bi Swali alisimama mbele ya ubao, kalamu wazi mkononi, akangoja, kama anayengoja mgeni aliyechelewa. Hakuna aliyekuja.

"Utume," alisema.

Hakunipongeza. Lakini alipopita nyuma yangu aliniwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda wa pumzi moja, na hata leo naweza kukuonyesha mahali penyewe.

Kesho yake nilifika saa moja asubuhi, nikaomba nikae chumba cha simu. Walinipa kiti cha pembeni na vipokea sauti vya kusikiliza tu. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mwenye sauti nzito.

"Nimesoma ujumbe wenu. Mimi nataka pesa zangu. Mmesema naweza."

"Unaweza, kaka," alisema Asali. "Siku ishirini na moja za kazi."

"Hivyo tu? Hamtanibembeleza?"

"Unataka kubembelezwa?"

Yule bwana akacheka. "Hapana. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, sasa sijui niipeleke wapi hii hasira."

Nilijivuna kwa simu ile kama ambavyo sijawahi kujivunia mtihani wowote. Alikuwa amechagua kisichotufaa sisi, na alikichagua kwa sababu nilimwambia kipo. Kufikia saa nne simu zilikuwa thelathini na mbili. Bi Swali alisema safari iliyofutwa mwaka juzi, ya abiria wachache kuliko hawa, ilileta mia nne na zaidi kwa asubuhi moja. Chumba cha pili mhasibu na fundi walikuwa wakisukuma tarehe moja moja, mmoja anataja namba, mwenzake anaitikia, kama watu wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Saa tano kasoro Asali alinigonga goti, akanionyesha skrini. Mkunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepata ujumbe jana. Nilisikitika, siwezi kukudanganya. Nilikaa kitandani, nikasema basi. Halafu nikausoma tena. Nikawapigia dada zangu wote wanne. Wanasema vocha. Sisi si watu wa kukata tamaa, tumeshasubiri mwaka."

"Vocha tano, mama?"

"Tano. Nimeweka alama kwenye kalenda. Oktoba tarehe kumi wanafungua, sisi tuna mpaka Juni. Hata wakichelewa, mmesema mtasogeza. Ni kweli mtasogeza?"

Asali alinitazama mimi. Kisha akafanya jambo ambalo halimo katika utaratibu wowote. Alibonyeza kitufe na kunifungulia sauti yangu.

"Ni kweli, mama," nilisema. "Tutasogeza."

"Wewe ni nani?"

Nilitafuta cheo changu, na wakati ule sikukiona. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Ahaa." Nikamsikia akijiweka vizuri kwenye kiti. "Sikiliza basi, mwanangu. Dada yetu mkubwa hakusoma shule. Barua za watu zimemwonea maisha yake yote. Kila ikija moja, anatafuta mtu wa kumsomea, na wa pili wa kumweleza wa kwanza kasema nini. Jana nilimsomea hii kwenye simu. Nimemsomea mara moja tu. Akaniambia, 'Nimeelewa, sasa kata simu, nina kazi ya kupanga nguo.' Nguo za Oktoba, huyo, na leo ni Juni!"

Alicheka, na mimi nikacheka naye, machozi yakinitoka mbele ya watu wanne na meneja aliyekuwa amesimama mlangoni sijui tangu lini.

"Haya," alisema mkunga. "Nitumie vocha zangu."

Nilivua vipokea sauti, nikaenda chumba cha pili. Mhasibu hakuinua kichwa.

"Namba?" aliuliza.

Nikamtajia namba tano, moja baada ya nyingine, na yeye akaweka ruhusa yake kwenye kila moja.